Bawa Huachwa na Hewa kwa Sababu ya Pembe, Si kwa Sababu ya Mwendo

Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto la ndege ndogo aina ya Cessna 172 kuna tundu ambalo abiria wengi hupita karibu nalo bila kuliona. Rubani anapoikagua ndege kabla ya kuruka, hulifunika tundu hilo kwa leso safi, akaweka mdomo na kuvuta hewa, na hapo husikika mlio mwembamba. Ndani mna ulimi mdogo unaotetemeka hewa inapopita. Hakuna waya wa umeme wala kompyuta. Angani, honi hiyo hulia yenyewe bawa linapokaribia kushindwa kuibeba ndege. Nilipokuwa nikijifunza urubani jijini Nairobi, jambo hili lilinisumbua kuliko mitambo yote ya chumba cha rubani, kwa sababu tundu haliijui kasi ya ndege, halijui uzito wake, wala halijui iko juu kiasi gani, na bado linaonya kwa wakati. Linachokijua ni kitu kimoja tu, na nitakieleza hatua kwa hatua, kwani ndicho kiini cha jinsi bawa linavyobeba na jinsi linavyoacha kubeba.

Tuanze na bawa lenyewe. Ukilikata kwa msumeno kutoka mbele kwenda nyuma utaona umbo lililotokana na lile linaloitwa NACA 2412, yaani moja ya maumbo yaliyopimwa na taasisi ya Marekani ambayo mwaka 1958 iligeuzwa kuwa NASA. Tarakimu hizo ni maelezo ya umbo. Ya kwanza inasema kwamba mpindo wa bawa unafikia asilimia 2 ya upana wake, ya pili kwamba mpindo huo unafikia kilele asilimia 40 ya safari kutoka mbele, na mbili za mwisho kwamba unene ni asilimia 12. Karibu na kiwiliwili cha ndege, ambapo upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma ni mita 1.63, unene ni kama sentimita 20 na mpindo ni sentimita 3 na kidogo. Ni mpindo mdogo mno, na udogo wake unatosha kuivunja hadithi ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni.

Hadithi yenyewe inasema kwamba sehemu ya juu ya bawa imepinda zaidi, kwa hiyo hewa ya juu ina njia ndefu zaidi. Na kwa kuwa hewa ya juu na ya chini lazima zikutane nyuma kwa wakati mmoja, ya juu hulazimika kukimbia, shinikizo lake hupungua, na bawa hunyanyuliwa. Sehemu ya mwisho ni kweli: hewa ya juu hukimbia zaidi na shinikizo lake huwa dogo. Uongo uko katikati, kwenye hilo neno "lazima". Hakuna sheria yoyote ya maumbile inayozitaka chembe mbili za hewa zilizoachana mbele zikutane tena nyuma. Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha jambo hili kwa kupitisha moshi uliokatwa vipande kwenye bawa, na picha zake zinaonyesha wazi kwamba moshi wa juu hufika nyuma mapema na kuuacha wa chini njiani.

Hesabu nayo inakataa. Kwa umbo kama la Cessna 172 njia ya juu haiizidi ya chini kwa zaidi ya asilimia 2 hivi. Tuseme basi kwamba hewa ya juu inakwenda kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 2, na ndege inaruka kwa kilometa 200 kwa saa karibu na usawa wa bahari. Tofauti ya shinikizo itakayopatikana, ikizidishwa na eneo lote la mabawa ambalo ni mita za mraba 16.2, inaweza kubeba kama kilo 125. Ndege iliyojaa ina kilo 1,157. Hadithi hiyo ingembeba rubani na mizigo yake, ikawaacha abiria, mafuta, injini na ndege yenyewe uwanjani.

Kinachotokea hasa ni kwamba bawa huipinda hewa. Hewa inayolijia bawa hupandishwa kidogo mbele yake, kisha huufuata mgongo wa bawa na kutoka nyuma ikiwa imeelekea chini. Kitu chochote kinachokwenda kwa kupinda kinahitaji kusukumwa kuelekea upande wa ndani wa mpindo, na hewa haina cha kuisukuma isipokuwa hewa jirani. Kwa hiyo shinikizo karibu na mgongo wa bawa huwa dogo kuliko shinikizo la hewa iliyo mbali juu yake. Hewa inayoingia katika eneo hilo la shinikizo dogo huvutwa na kuongeza kasi. Kasi, basi, si chanzo kinachojitegemea. Inakwenda pamoja na shinikizo, na vyote viwili vinatokana na kupinda kwa hewa. Ndiyo maana ndege za maonyesho huweza kuruka zikiwa zimegeuzwa miguu juu, na hata ubao bapa ukiinamishwa vizuri hunyanyuka. Umbo zuri la bawa husaidia kazi hiyo ifanyike kwa hasara ndogo, lakini haliianzishi.

Unaweza kuitazama kazi hiyohiyo kwa upande mwingine na kupata jibu lilelile. Ili kilo 1,157 zisianguke, bawa lazima liisukume hewa kwenda chini bila kukoma, na hewa nayo hulisukuma bawa juu kwa kiasi kilekile. Cessna 172 ina mabawa yenye urefu wa mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Wahandisi hukadiria kwamba mabawa hayo hugusa hewa yenye ukubwa wa duara la kipenyo hichohicho, na kwa kilometa 200 kwa saa, hewa inayopita katika duara hilo kila sekunde ina uzito wa tani 6 na nusu hivi. Kuisukuma chini kwa mita 1.75 kwa sekunde kunatosha. Huu ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na bado ndio unaoibeba ndege nzima, kwa kuwa hewa yenyewe ni nyingi.

Sasa tufike kwenye pembe. Chora mstari ulionyooka kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi ukingo wa nyuma, kisha tazama hewa inakuja kutoka wapi. Pembe iliyo kati ya mstari huo na uelekeo wa hewa inayokuja ndiyo nitakayoiita pembe ya kukabili hewa. Mnyanyuo wa bawa huhesabiwa hivi:

L = ½ × ρ × V² × S × C

L ni mnyanyuo, ρ ni msongamano wa hewa, V ni kasi, na S ni eneo la mabawa. C ni namba inayoeleza jinsi bawa linavyoipinda hewa, na ndiyo inayobeba siri yote, kwa sababu kwa bawa ambalo flapu zake, yaani vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoweza kushushwa, hazijashushwa, namba hiyo hutegemea hasa pembe ya kukabili hewa. Pembe ikiongezeka kwa digrii 1, C ya bawa kama la Cessna 172 huongezeka kwa takriban 0.09, na kwa sababu ya ule mpindo mdogo, bawa huendelea kubeba kidogo hata likiwa na digrii sifuri.

Tuifuate ndege moja iliyojaa, ikiruka bila kupanda wala kushuka, karibu na usawa wa bahari. Uzito wake ni niutoni 11,350, na mnyanyuo lazima uwe sawa na huo wakati wote. Kwa kilometa 200 kwa saa, C inayohitajika ni 0.37 tu, ambayo hupatikana kwa pembe ya digrii 2 hivi. Rubani akipunguza kasi hadi kilometa 120 kwa saa, uzito haujapungua hata gramu, lakini V² imeshuka hadi karibu theluthi moja. Lazima C ipande hadi 1.03, na pembe ifike digrii 10. Ndicho kinachofanyika rubani anapopunguza moto wa injini huku akiuvuta usukani taratibu ili ndege isishuke: analiinamisha bawa zaidi na zaidi dhidi ya hewa. Akifika kilometa 98 kwa saa, C inayotakiwa ni 1.54, na pembe ni kama digrii 16. Hapo ndipo mwisho. Bawa hilo haliwezi kutoa C kubwa zaidi ya hiyo, hata ulivute kiasi gani.

Kabla ya kueleza kwa nini, tuuone ukinzani, kwani mnyanyuo haupatikani bure. Sehemu moja ya ukinzani ni rahisi kuielewa: hewa hugonga na kusugua kila kitu kilichojitokeza, yaani magurudumu, nguzo za mabawa, kioo cha mbele na ngozi yote ya ndege, na ukinzani huu huongezeka kwa mraba wa kasi. Sehemu ya pili huwashangaza wengi, kwa sababu huongezeka ndege inapokwenda polepole. Rudi kwenye zile tani 6 na nusu za hewa. Ndege ikipunguza kasi hadi kilometa 120 kwa saa, hewa inayopita chini ya mkono wake kila sekunde hushuka hadi tani 3.9. Na kwa kuwa kazi ya kubeba ni ileile, hewa hiyo chache lazima isukumwe chini kwa nguvu zaidi, karibu mita 3 kwa sekunde. Hewa iliyosukumwa imechukua nishati, na nishati hiyo inalipwa na injini. Ukipiga hesabu kwa makadirio haya, malipo hayo ni ukinzani wa niutoni 180 hivi katika kasi ya kwanza, na karibu niutoni 500 katika kasi ya pili. Katika bawa halisi huwa ni zaidi kidogo, na sehemu ya hasara hiyo huonekana kama vimbunga vinavyojisokota kwenye ncha za mabawa, ambako hewa ya chini yenye shinikizo kubwa hukwepa kwenda juu.

Matokeo yake ni kwamba kuna kasi moja ya katikati ambapo jumla ya ukinzani ni ndogo kabisa. Kwa Cessna 172 ni kama kilometa 126 kwa saa, na ndiyo kasi ambayo rubani huishikilia injini ikizima, kwa maana hapo ndege huteleza mbali zaidi, takriban mita 9 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Ukienda polepole kuliko hapo, unaingia katika eneo ambalo kila unapopunguza kasi ukinzani unaongezeka, ukinzani unapunguza kasi zaidi, na unahitaji moto mwingi wa injini ili tu ubaki ulipo. Wanafunzi wengi hujikuta katika eneo hilo wakati wa kutua bila kujua wameingiaje.

Turudi kwenye digrii 16. Kwa nini bawa lina mwisho? Jibu liko katika hewa iliyoko milimita chache tu juu ya ngozi ya bawa. Hewa hiyo imepunguzwa mwendo na msuguano. Shinikizo la mgongo wa bawa huwa dogo kabisa karibu na mbele, kisha huanza kupanda kuelekea nyuma hadi lifikie kawaida. Kwa hiyo hewa ya karibu na ngozi inatakiwa kutoka penye shinikizo dogo kwenda penye shinikizo kubwa, huku ikiwa imekwisha kuchoshwa na msuguano. Ni kama bodaboda aliyezima injini kwenye mteremko ili aokoe mafuta, akitegemea kasi ya mteremko impandishe kilima kinachofuata, ilhali breki yake ya nyuma inagusa kidogo. Kilima kikiwa kifupi atafika. Kikiwa kirefu atasimama njiani, kisha ataanza kurudi nyuma.

Kila pembe inapoongezeka, shinikizo la mbele huzidi kushuka, na kilima cha kurudi kwenye shinikizo la kawaida huzidi kuwa mkali. Kwanza hewa hushindwa karibu kabisa na ukingo wa nyuma. Hapo husimama, hugeuka na kutiririka kinyume, na hewa inayoifuata hulazimika kuachana na mgongo wa bawa na kupita juu yake. Pembe ikizidi, sehemu hiyo iliyoachwa husogea kuelekea mbele. Wahandisi wa majaribio hubandika vipande vya uzi wa sufu juu ya bawa ili waione hali hii: nyuzi zilizolala kimya zikielekea nyuma zinaonyesha hewa inayofuata bawa, na zile zinazoruka ovyo au kusimama zikielekea mbele zinaonyesha hewa iliyoachana nalo. Ukizitazama wakati pembe inapoongezwa, utaona fujo ikianzia nyuma na kupanda mbele safu baada ya safu.

Huku ndiko kustoli. Mnyanyuo hauishi ghafla kama taa iliyozimwa. Hufika kileleni, kisha huanza kupungua badala ya kuongezeka, na wakati huohuo ukinzani hupanda kwa kasi kubwa. Ndege huanza kushuka. Injini haihusiki kwa lolote, inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote.

Waliobuni Cessna 172 walilipinda bawa lake kidogo kwa urefu wake, hivi kwamba ncha imeinamishwa chini kwa takriban digrii 3 ikilinganishwa na shina, yaani pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Shina basi hufikia pembe ya mwisho kabla ya ncha. Ni uamuzi wa busara kwa sababu mbili. Kwanza, hewa yenye vurugu inayotoka kwenye shina hugonga sehemu ya nyuma ya ndege, na rubani huhisi mtikisiko hadi kwenye usukani. Pili, eleroni ambazo huiinamisha ndege kushoto au kulia ziko karibu na ncha, na ncha bado ina hewa nzuri, kwa hiyo ndege haipinduki upesi. Katika mafunzo nilikuta kwamba stoli ya ndege hii ikiwa imenyooka ni jambo la upole: pua hupanda, sauti ya upepo hupungua, usukani huwa mlegevu mkononi, honi hulia, mtikisiko huja, kisha pua huinama yenyewe. "Usipigane naye," Kepteni aliyekuwa akinifundisha alizoea kusema, "mpe usukani mbele kidogo, atakuja." Na kweli, ukilegeza mkono pembe hupungua, hewa hushika tena mgongo wa bawa mara moja, kisha unaongeza moto na kunyoosha ndege. Ukifanya hivyo bila kuchelewa, unapoteza kama mita 70 za kimo. Mita 70 si kitu ukiwa juu ya mbuga. Ukiwa unakaribia kutua ndizo zote ulizo nazo.

Na lile tundu? Mbele ya bawa kuna mahali ambapo hewa inayokuja hugawanyika, nyingine ikienda juu na nyingine chini, na mahali hapo panahama kulingana na pembe. Pembe ikiwa ndogo, hewa hugawanyika karibu na pua ya bawa, na tundu linapata shinikizo la kusukuma. Pembe ikiongezeka, mahali pa kugawanyika hushuka chini ya tundu, na tundu hujikuta ndani ya hewa inayokimbia kupanda juu, penye shinikizo dogo. Hapo hewa hunyonywa kutoka ndani kwenda nje kupitia ule ulimi, na honi hulia. Tundu linapima pembe, na kwa kuwa pembe ndiyo inayoamua, halihitaji kujua kitu kingine.

Kasi ya stoli iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege, kwa hiyo, ni kasi ya hali moja tu: ndege iliyojaa, inayoruka kwa kunyooka, bila kuvutwa. Ibadilishe hali, nayo itabadilika. Tuseme rubani anageuka kuingia kwenye mstari wa barabara ya kutulia, naye ameona ameupita, akaiinamisha ndege upande kwa digrii 45 ili arudi huku akiuvuta usukani asishuke. Katika mgeuko huo mabawa lazima yabebe uzito mara 1.41 ya kawaida, na kasi ya stoli hupanda kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha namba hiyo, kutoka kilometa 98 hadi takriban 117 kwa saa. Akiinamisha digrii 60, uzito ni maradufu na kasi ya stoli hufika 139. Ndege ileile, rubani yuleyule, ila sasa amestoli katika kasi ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa salama kabisa. Na kama katika haraka yake amekanyaga pedali ya usukani wa mkia kupita kiasi, bawa moja litastoli kabla ya jingine, na ndege itaanza kuzunguka karibu na ardhi. Wakufunzi hulirudia jambo hili hadi likachosha, na wana haki.

Kimo nacho kina lake. Uwanja wa ndege wa Wilson, jijini Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 25 za joto, msongamano wa hewa huko ni kama asilimia 79 ya ule wa kawaida wa pwani, kwa hiyo ili bawa lipate mnyanyuo uleule kwa pembe ileile, ndege lazima iende kwa kilometa 110 kwa saa pale ambapo baharini zingetosha 98. Jambo la kupendeza ni kwamba kipima mwendo hakionyeshi tofauti hiyo. Nacho hupima shinikizo la hewa inayokuja, na shinikizo hilo hupungua kwa kiasi kilekile mnyanyuo unavyopungua. Basi sindano husoma 98 Wilson kama inavyosoma Mombasa. Rubani huishika namba aliyoizoea, isipokuwa anaiona ardhi ikipita kwa kasi zaidi na barabara ikiisha mapema.

Limebaki jambo ambalo huwatatiza watu kuliko yote, nalo ni tofauti kati ya pale pua inapotazama na pale ndege inapokwenda. Pembe ya kukabili hewa haipimwi kutoka kwenye upeo wa macho. Ndege inaweza kuwa imeelekeza pua chini na bado ikastoli, na inaweza kuwa imeinua pua kidogo tu huku bawa limepita mbali mno pembe yake ya mwisho. Mfano ulio wazi na wenye uchungu ni wa safari ya Air France 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, tarehe 1 Juni 2009, ndege aina ya Airbus A330 iliyokuwa na watu 228.

Katika mawingu juu ya Atlantiki, chembe za barafu ziliziba mirija inayopima mwendo. Mtambo wa kujiendesha ulijitoa, na rubani aliyekuwa akiishika ndege aliivuta pua juu. Ndege ilipanda kutoka takriban mita 10,700 hadi 11,600, ikipoteza kasi njiani. Kimo hicho, ambako ndege kubwa huruka karibu na kasi ya sauti, pembe ya mwisho ya bawa ni ndogo sana kuliko ilivyo karibu na ardhi, na ndege ilistoli. Onyo la stoli lililia mfululizo kwa sekunde 54. Ndege ilianza kushuka huku pua ikiwa imeinuka digrii 15 hivi na injini zikiwa karibu na nguvu zake zote, hali ambayo kwa jicho la kawaida ni ya ndege inayopanda.

Kulikuwa na mtego mwingine. Mtambo ulipangwa kuzipuuza namba za pembe iwapo kasi inayopimwa ingeshuka chini ya noti 60, yaani kilometa 111 kwa saa, kwa kudhani kwamba katika kasi hiyo vipimo haviaminiki. Kwa hiyo stoli ilipozidi kuwa mbaya honi ilinyamaza, na pua iliposhushwa kidogo, jambo ambalo ndilo lilikuwa sahihi, vipimo vikaaminika tena na honi ikalia. Ni vigumu kubuni namna mbaya zaidi ya kumwambia mtu aliyechanganyikiwa gizani afanye nini.

Vinasa taarifa vilipopatikana chini ya bahari mwaka 2011, namba zake za mwisho zilisema hivi: pua iko juu digrii 16.2, mwendo wa kwenda mbele ni noti 107, na mwendo wa kushuka ni futi 10,912 kwa dakika. Zibadilishe namba mbili za mwisho ziwe kilometa kwa saa, utapata 198 mbele na 200 chini. Ndege inayokwenda mbele na chini kwa mwendo ulio karibu sawa inashuka kwa mshazari wa digrii 45. Hewa basi ilikuwa ikilijia bawa kutoka chini yake kwa digrii 45, na bawa lenyewe lilikuwa limeinuliwa digrii 16 juu ya upeo wa macho. Tukiupuuza upepo, pembe ya kukabili hewa ilikuwa digrii 61. Kwa pembe hiyo mgongo wote wa bawa umekwisha kuachwa na hewa, na kilichobaki ni ubao mpana unaoanguka. Nguvu za injini zisingeweza kulitatua hilo. Pua ilihitaji kushushwa sana, na kushikiliwa chini kwa muda mrefu, mpaka mwelekeo wa bawa na mwelekeo wa safari vikaribiane tena.

Kwa miaka mingi marubani wa ndege kubwa walikuwa wamezoezwa stoli kwa namna ya kuongeza moto wa injini mara moja na kujitahidi wasipoteze kimo, na waliopoteza kimo kingi walihesabiwa kuwa wameshindwa. Mazoezi yenyewe yalifanyika karibu na ardhi na kuishia pale onyo linapoanza. Mwaka 2012 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa mwongozo mpya uliogeuza mpangilio huo: hatua ya kwanza ni kupunguza pembe kwa kusukuma pua chini mpaka onyo linyamaze, kimo kikipotea kipotee, na moto wa injini huja baadaye kwa kadiri unavyohitajika.